Maswali Manane ya Mpunga

Nilipokwenda Ikolo mwezi wa sita mwaka jana, kumwona mama na kumsaidia kuanika mpunga, nilikuta madaftari yangu ya sekondari ndani ya ndoo ya plastiki, juu ya dari. Panya walikuwa wameshakula Jiografia yote. Kiswahili cha kidato cha tatu kilikuwa kimeliwa pembeni tu. Katikati ya daftari hilo kulikuwa na shairi la beti tatu na maswali manane yaliyonakiliwa kutoka ubaoni, kwa mwandiko wangu wa enzi zile, herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo.

Nimeshasoma uhakiki mwingi tangu wakati huo, wa vyuoni na wa mitandaoni, na mwingine nimeuandika mimi. Ila maswali yale manane bado ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote nilizopata kuziona za kumtoa msomaji kwenye maneno ya shairi na kumfikisha kwenye dhamira yake bila kumbeba mgongoni. Nataka niyapitie hapa moja baada ya jingine, jinsi yalivyotuendesha siku ile.

Kwanza hali ilivyokuwa. Diwani zilizokuwa kwenye orodha ya kidato cha tatu na cha nne mnazijua: Wasakatonge, Malenga Wapya, Mashairi ya Chekacheka. Darasani kwetu nakala zilikuwa chache, lakini vijitabu vya uhakiki vilikuwa vingi, vile vya kurudufu vyenye majibu tayari. Kwa hiyo tulikuwa tunazijua dhamira za mashairi ambayo hatujawahi kuyasoma. Ukituuliza shairi fulani linahusu nini, tunajibu kwa pamoja: ukombozi, matabaka, nafasi ya mwanamke, mapenzi. Kama sala.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alilijua hilo. Siku moja, kwenye vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, aliingia bila kitabu na kuandika ubaoni shairi alilolitunga mwenyewe. Halikuwa na jina. Halikuwemo kwenye kijitabu chochote, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kunakili jibu. Ameniruhusu niliweke hapa, kwa sharti kwamba nisimtaje.

*Niliamka mapema, na jembe langu begani,*
*Na mvua ilipokoma, niliingia bondeni,*
*Magoti yakazizima, nikiupanda majini,*
*Mpunga ni wangu mimi, mchele una mwenyewe.*

*Ndege waliposhukia, nilipiga debe tupu,*
*Jua likaniwakia, kivuli changu ni kapu,*
*Watoto wakinijia, na chungu kiko kitupu,*
*Mpunga ni wangu mimi, mchele una mwenyewe.*

*Na siku ilipofika, mwenyewe yuko tayari,*
*Gunia zikapangika, zikapanda kwenye gari,*
*Vumbi likanifunika, nikautakia heri,*
*Mpunga ni wangu mimi, mchele una mwenyewe.*

Kabla hajauliza lolote, mikono ilikuwa juu. "Umuhimu wa kilimo!" akasema mmoja. "Kufanya kazi kwa bidii," mwingine. Mwalimu aliyaandika majibu yote mawili kwenye kona ya ubao, akayazungushia duara, akasema tutayarudia mwishoni tuone kama bado yamesimama. Hakusema kwamba ni makosa. Kisha akaandika swali la kwanza.

*1. Nani anaongea? Onyesha neno linalokuambia.*

Linaonekana swali la chekechea. Mkulima, tukasema. Neno gani? Jembe. Jembe peke yake halitoshi, akasema, hata fundi wa barabara anabeba jembe. Tukaongeza bondeni, nikiupanda, ndege. Haya, mkulima. Mwanamume au mwanamke? Hapo tukagawanyika, wavulana wengi upande mmoja. Mwalimu akatuambia tutafute neno. Hatukulipata, kwa sababu Kiswahili hakisemi: "niliamka" ni ya baba na ni ya mama. Aliandika ubaoni "hatujui bado" na kuendelea.

Baadaye nimeelewa alichokuwa anakifanya. Sharti la kuonyesha neno lilikuwa limeingizwa kwenye swali jepesi kabisa, ili likishakuwa mazoea litubane kwenye maswali magumu. Na ile "hatujui bado" ilitufundisha kwamba pengo ni jibu halali, mradi umelikagua.

*2. Msemaji anafanya nini katika kila ubeti? Tumia vitenzi vya shairi tu.*

Akachora safu tatu. Ubeti wa kwanza ukajaa: niliamka, niliingia, nikiupanda. Ubeti wa pili tukapata kimoja tu, nilipiga. Vingine si vyake: jua ndilo linalomwakia, watoto ndio wanaomjia. Ubeti wa tatu napo kimoja, nikautakia heri, ambacho hata kazi si kazi. Vumbi linamfunika. Na gunia je, nani amezipanga? "Zikapangika," akasoma mwalimu taratibu. Kauli ya kutendeka. Kazi imefanyika na mtendaji hayupo.

Mtu wa nyuma akagundua jambo ambalo nadhani hata mwalimu hakulitegemea. Kitenzi "panda" kimo mara mbili. Mwanzo mkulima anaupanda mpunga, mwisho gunia zinapanda gari. Neno lilelile, ila sasa limehama mikononi mwake. Mwalimu alikaa kimya kidogo, akacheka, akasema hilo hakulipanga lakini limo, na kilichomo ni cha msomaji.

Angalieni hapo: hatujataja dhamira hata kidogo, tumehesabu vitenzi tu. Lakini safu zile tatu, ya kwanza nene na mbili nyembamba, zilikuwa zinaonyesha mtu anayepungua ndani ya kazi yake mwenyewe.

*3. "U" katika "nikiupanda" na "nikautakia" inasimama badala ya nini?*

Swali la sarufi, ambalo wengi wangelitupa. "Nikiupanda" ni mpunga, hilo halina ubishi. Na "nikautakia heri"? Nusu ya darasa mpunga, nusu mchele. Maneno yote mawili yako kwenye ngeli moja, kwa hiyo kiambishi hakiamui. Hata gari isingewezekana, maana angesema "nikalitakia".

Sisi watu wa Kyela hatuhitaji kuelezwa tofauti: ukiwa shambani ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukiiva ni wali. Majina matatu ya kitu kimoja, na kila jina lina mahali pake. Kwenye gari lile kilichopakiwa kilikuwa bado mpunga, kama mashine ilikuwa mbali, au tayari mchele. Shairi halisemi. Tunachokijua ni kwamba mahali fulani kati ya ubeti wa kwanza na wa tatu kitu hicho kimeacha kuwa "wangu mimi" kikawa cha "mwenyewe", na ule mpaka hauonekani. Mwalimu aliandika kwenye ubao: *Mpaka uko wapi?* Akaacha nafasi.

*4. Taja kila kitu kilicho kitupu katika ubeti wa pili.*

Debe. Chungu. Kuna mwenzetu aliyeruka na methali, debe tupu haliachi kuvuma, kwa hiyo mshairi anawasema watu wanaoropoka. Mwalimu akamwuliza kwenye ubeti huu nani anaropoka. Hakuna. Basi methali ile ni yako, akamwambia, shairi halikuileta. Debe la hapa ni la kufukuza kwelea kwelea, kila mtu darasani alikuwa amelipiga, wengine asubuhi ileile kabla ya kuja shule.

Kimebaki kimoja, akasema mwalimu. Tukatafuta. Aliyekaa dirishani akasema kapu. Kwa nini? Kwa sababu amelivaa kichwani kama kofia, na kapu lenye kitu huwezi kulivaa. Huyo ndiye mtu wa kwanza siku ile kusema jambo ambalo halijaandikwa na bado akawa na ushahidi wake. Nadhani swali zima lilitungwa kwa ajili ya kapu lile. Debe na chungu macho yanaviona. Kapu inabidi ulifikirie, ila ni hatua fupi, moja tu, ambayo mtoto yeyote wa Ikolo anaiweza. Baada ya hapo mwalimu angeweza kutudai hatua ndefu zaidi.

*5. Ni maneno gani uliyotarajia kuyakuta humu na hayamo?*

Hapo darasa likawa soko. Mbolea! Trekta! Mwalimu akaweka kipimo: neno linahesabika tu kama maneno yaliyomo yanaliita. Trekta haliitwi na chochote. Tukatulia. Kisha msichana mmoja akasema "wali". Mpunga upo, mchele upo, hata chungu kipo. Wali hakuna.

Kimya kilishuka, kile kimya cha watu waliokuwa wameliangalia kitu nusu saa bila kukiona. Halafu mwingine akasema "pesa". Kweli, hamna pesa, hamna bei, hamna mizani ya kupimia. Mpunga unaondoka lakini hakuna anayeununua.

Kuuliza kisichokuwepo ni hatari, na nimeona walimu na wahakiki wengi wakizama hapo. Ukiachia mlango huo wazi, kila mtu ataingiza alichonacho nyumbani: shairi halijataja Mungu, halijataja vita, halijataja Ukimwi. Kile kipimo cha kuitwa na maneno mengine ndicho kilichotuokoa. Wali unaitwa na mchele na chungu. Pesa inaitwa na gunia na mwenyewe.

*6. Mpunga huu uliuzwa lini?*

Siku ya gari, tukasema wote. Tuonyesheni, akasema. Tukaurudia ubeti wa tatu. "Na siku ilipofika, mwenyewe yuko tayari." Tayari! Hakuja kununua, amekuja kuchukua. Basi uliuzwa kabla, labda pale chungu kilipokuwa kitupu. Jibu zuri, akasema mwalimu, lakini someni tena mstari wa mwisho wa ubeti wa kwanza.

Kile kituo tulikuwa tumekisoma mara tatu kama kiitikio cha wimbo, kitu cha kufungia ubeti, na kijitabu kingesema ni "mbinu ya takriri" na kuishia hapo. Sasa tukakisoma mahali kilipo. Ubeti wa kwanza mkulima bado yuko majini, anapanda. Na tayari mchele una mwenyewe.

"Uliuzwa haujaota," akasema jirani yangu wa dawati.

Nilikuwa nimelijua jibu hilo tangu swali lilipoandikwa, na nilikuwa nimekaa kimya. Januari ya mwaka ule mama alikuwa amepokea pesa ya gunia mbili kutoka kwa mtu mwenye gari, kwa nusu ya bei iliyokuja kuwepo wakati wa mavuno. Ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kabla serikali haijaifuta kuanzia Januari 2016. Juu ya ada kulikuwa na michango, sare, na madaftari, likiwemo hili lililoliwa na panya. Nilimwona akihesabu noti zile juu ya kitanda. Nami ndiye niliyezipeleka shule. Sasa mbele ya wenzangu arobaini na zaidi nilikuwa naombwa ushahidi kutoka kwenye maneno, na mimi ushahidi wangu ulikuwa nimeuvaa, shati jeupe na suruali mpya ya kijani.

Kama mwalimu angeanza na swali hilo, au angeuliza "kwenu mnauza mpunga ungali shambani?", nadhani ningemchukia. Angekuwa anauliza umaskini wetu. Badala yake alituuliza juu ya mtu wa kwenye shairi, na kila mmoja akabaki huru kusema au kutosema kwamba anamfahamu.

*7. "Mwenyewe" ni nani? Toa jibu na ushahidi, kisha toa jibu la pili tofauti.*

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: mnunuzi, tajiri, mwenye gari. La pili likatusumbua mpaka yule msichana wa wali akanyoosha mkono tena. "Mwenyewe ni mume."

Wavulana wakacheka. Mwalimu hakucheka, alidai neno. Msichana akaeleza: watoto wanamjia msemaji wakati chungu kitupu, na watoto wenye njaa wanamwendea mama. Gari limo, ndiyo, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba gari ni la mwenyewe. Mume anaweza kuliita gari. Yeye ndiye anayekuwa tayari siku ya kuuza, hata kama hakuwahi kupiga debe. Kwao, akasema, ndivyo ilivyo, kisha akajirekebisha haraka: "Yaani, kwenye shairi."

Mwalimu alirudi kwenye ile "hatujui bado" ya swali la kwanza. Hakuifuta. Akaandika chini yake "labda mama", akatuuliza kama kuna neno linalopinga. Mvulana mmoja akasema jembe begani ni mkao wa kiume. Wasichana walimzomea mpaka akakaa. Hatukupata neno la kupinga. Basi usomaji huo umesimama, akasema, hata kama mimi niliyetunga nilikuwa namfikiria mtu wa gari.

*8. Andika sentensi moja iliyo kweli kwa beti zote tatu. Usitumie neno mpunga wala mchele.*

Hili ndilo swali la dhamira, na neno dhamira halimo. Kulikatalia sentensi neno mpunga ni hila nzuri sana. Ukiruhusiwa mpunga utasema shairi linahusu mpunga, na hapo umetaja mada tu, kile kinachozungumzwa. Ukikatazwa, inabidi useme jambo linalosemwa juu yake. Na sharti la sentensi linaua yale majibu ya neno mojamoja. "Unyonyaji" si sentensi. Nani anamnyonya nani, kwa njia gani, na kwa nini anayenyonywa anautakia mzigo heri?

Tulipewa dakika kumi. Nyingi zilikuwa mbovu, yangu ikiwemo, ilikuwa na "mshairi anaiasa jamii" ndani yake. Iliyobaki ubaoni mwisho ni ya yule wa dirishani: *Anayefanya kazi akiwa na njaa hutoa matunda yake kabla hayajawa yake.* Tukaipima ubeti kwa ubeti. Wa kwanza unaibeba kwa kituo chake, wa pili kwa chungu, wa tatu kwa neno tayari. Tukaipima kwa "mwenyewe" wote wawili, mnunuzi na mume. Na ule mpaka mwalimu aliouachia nafasi kwenye swali la tatu ukajazwa: haupo shambani wala mashineni, uko kwenye chungu.

Ndipo akarudi kwenye kona yenye duara. Umuhimu wa kilimo. Je, bado umesimama? Akatupa kipimo ambacho mpaka leo nakitumia ninaposoma uhakiki wa watu, na wangu pia: ukiweza kulibandua jibu lako kwenye shairi hili na kulibandika kwenye lingine bila kubadilisha neno, basi hujasoma shairi hili. Akafuta kona ile kwa kiganja.

Maswali yale yana upungufu wake, sitaki kuyageuza msahafu. Hayakugusa vina wala mizani, na mtihani uliuliza hivyo. Yanahitaji dakika 80 na shairi fupi, kwa utenzi wa beti mia ungekesha. Yanahitaji pia mwalimu asiyeogopa kushindwa na mwanafunzi wake. Nimewahi kuyaona yakitumiwa na mtu aliyekuwa ameshaamua jibu, kila anayetoka nje ya mstari anarudishwa, na likawa kijitabu kilekile cha kurudufu, safari hii kwa sauti.

Jioni ile ya mwezi wa sita nilimsomea mama shairi, tumekaa kwenye turubai pembeni ya mpunga, milima ya Livingstone ikiwa imeanza kuwa bluu. Alisikiliza huku anachambua mawe. Nilipomaliza nikamwuliza, kama mzaha tu, swali la sita: mpunga huu uliuzwa lini, mama?

"Mwezi wa kwanza," akasema bila kuinua kichwa. "Ulikuwa kidato cha tatu."

Sikuwa na la kusema. Akachambua kidogo, akatupa jiwe, kisha akauliza yeye.

"Na huyo mwalimu wako, nani alimwambia?"